Mwezi haukugeuka mwekundu ghafla: tuangalie picha za Septemba 7

Wengi mmeniuliza kuhusu zile picha za kupatwa kwa mwezi nilizopiga Dar usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mbona mwezi ukiwa umelika nusu ule upande wa kivuli ni mweusi tii, alafu ukishafunikwa wote ndo unatoka mwekundu? Ukweli ni kwamba kivuli kilikuwa na wekundu tangu mwanzo, kamera ndo haikuweza kuuonyesha.

Chukua picha ya saa 2 usiku. Upande uliobaki unapigwa na jua moja kwa moja, unang'aa sana, kwa hiyo shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, niliiweka sekunde 1/250, na ISO, yaani wepesi wa sensa kuitikia mwanga, 100. Kwa mpangilio huo upande wa kivuli, ambao ni hafifu mara maelfu, hauachi kitu kwenye sensa. Sasa nenda picha ya saa 3:11, katikati kabisa ya kupatwa: lenzi ileile, tundu la lenzi lilelile la f/8, ila shata sekunde 1 na ISO 1600, yaani picha imepewa nguvu kama mara 4,000 zaidi. Ningetumia hiyo saa 2 wekundu ungeonekana, lakini ule upande mwingine ungeungua ukawa doa jeupe tu.

Wekundu wenyewe unatokana na hewa ya dunia yetu. Tungekuwa hatuna hewa, mwezi ungezama kwenye giza ukapotea. Mwanga wa jua unaopita pembezoni mwa dunia unapindishwa na hewa ukaingia ndani ya kivuli, na kwa vile umesafiri njia ndefu kwenye hewa, molekuli zimeshatawanya bluu huku na kule, kinachovuka ni nyekundu na chungwa. Ni mwanga uleule wa machweo, ila umeendelea na safari mpaka mwezini.

Angalieni pia picha ya saa 2:30, pale kivuli kinapomaliza kufunika, ukingoni kuna utepe wa bluu hivi. Hiyo mi ndo naipenda kuliko zote! Sio kasoro ya lenzi, huo ni mwanga uliopita juu zaidi kwenye ozoni, na ozoni inanyonya nyekundu.

Alafu kwenye ile ya 3:11 upande wa kushoto, yani kaskazini, ni mweusi zaidi kuliko kulia, kwa sababu mwezi ulipita kusini ya kitovu cha kivuli, kwa hiyo kaskazini yake ndo ilikuwa ndani zaidi. Na wekundu haufanani kila mara. Desemba 1992, baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka 1991 na kujaza vumbi na ukungu wa asidi huko juu angani, mwezi ulipopatwa ulififia vibaya sana.

Kama picha zako zilitoka za kijivu au rangi ya maziwa, cheki kama kamera ilikuwa kwenye AWB, yaani inajipangia rangi yenyewe, maana inaweza kudhani wekundu ni kosa ikausahihisha. Badala yake weka Daylight, ule mpangilio wa rangi za mwanga wa mchana, uiache hapohapo usiku mzima.