Shabaka, masdar na sura: kusoma menyu ya televisheni ya Kiarabu

Televisheni janja zinazoletwa na jamaa kutoka Maskati au Dubai mara nyingine huwaka zikiwa na menyu ya Kiarabu. Kwetu ilipokuja moja, menyu ilifunguka upande wa kulia wa kioo, na mshale wa kulia wa rimoti ukawa unarudisha nyuma badala ya kuingia ndani. Haikuwa mbovu. Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo menyu nayo hugeuka, na mara nyingi mshale wa kushoto ndio unaokuingiza.

Mwenye kujua herufi za chuoni atafika mbali, kwa kuwa maneno mengi ya menyu hiyo tunayasema kila siku. Vua ile «ال» ya mbele kisha usome. اللغة ni lugha. الصوت ni sauti. التاريخ والوقت ni tarehe na wakati. Mlango wa yote ni الإعدادات, penye alama ya gurudumu la meno, na hapo usidanganywe na sikio: si idadi, ni mipangilio. Ndani yake tafuta اللغة, maana kila lugha kwenye orodha huandikwa kwa herufi zake yenyewe, English ikiwa English. Ukitaka kuacha Kiarabu, badilisha lugha hapo.

Mtandao unaitwa الشبكة, nayo ni shabaka, wavu ule ule. Chini yake huwa na njia mbili: سلكي ni ya waya, لاسلكي ni isiyo na waya. Hiyo «لا» ni la yetu ya kukataa. Ukichagua لاسلكي, majina ya ruta za jirani na yako yatajitokeza, na utaombwa كلمة المرور au كلمة السر, yaani neno la siri. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kibodi inayofunguka inaweza kuwa ya Kiarabu. Tafuta kitufe cha ABC au cha tufe la dunia ugeuze herufi. Angalia na tarakimu: ٥ inafanana na sifuri lakini ni tano, na sifuri yenyewe ni nukta, ٠. Jina la ruta yako lisipoonekana kabisa huku ya jirani ipo, huenda ruta inarusha GHz 5 peke yake na televisheni inapokea GHz 2.4 tu. Washa 2.4 kwenye ruta.

Kuna kisa kingine kinachosumbua: televisheni inasema imeunganishwa, ila programu za video hazifunguki. Tazama التاريخ والوقت. Ikidhani ni mwaka wa zamani, itazikataa hati za usalama za tovuti, kwa kuwa kwa hesabu yake hati hizo hazijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha izime na kuiwasha.

المصدر, masdar, ni mahali picha inakotoka. Neno hili hatulisemi nyumbani, lakini halina shida, kwani majina ya matundu hubaki kwa herufi za Kilatini: HDMI 1, HDMI 2, USB, AV. Tazama nyuma ya televisheni king'amuzi kimechomekwa tundu gani, uchague hilo. Ukiona لا توجد إشارة, isome neno kwa neno: la, hakuna ishara. Televisheni iko hai, ila tundu ulilochagua halileti kitu. Ama umechagua lingine, ama king'amuzi kimezimwa, ama waya umelegea.

Kwenye الصورة, sura, yaani picha, utakuta وضع الصورة, hali ya picha. ديناميكي ni ile kali, nyeupe ya kuelekea buluu, iliyotengenezwa ishinde mwanga wa dukani. قياسي ni ya wastani, inatokana na qiyasi, kiasi chetu. فيلم au سينما huonekana ya njano na hafifu mara ya kwanza, watu wakadhani kioo kimechoka, kumbe ndiyo iliyo karibu zaidi na rangi alizokusudia mtengeneza filamu. Ipe jicho siku mbili. Mimi usiku sitoki hapo. Katika televisheni nyingi chaguo hili hukaa kwa tundu moja: ukiliweka HDMI 1, HDMI 2 yaweza kubaki na ya zamani.

Na kama kila ukipunguza ukali picha inajirudia yenyewe baada ya dakika kadhaa, televisheni iko katika hali ya dukani, المتجر. Itafute kwenye mipangilio, au urudie usanidi wa mwanzo, kisha uchague المنزل. Manzili, nyumbani.