Kwa nini tone dogo hukauka upesi, na wingu huanzaje

Maji yaliyotulia kwenye sinia hurusha molekuli hewani na kupokea nyingine. Idadi zinapolingana, hewa imekifu: unyevu ni 100%, na kanieneo ya mvuke wakati huo huitwa p₀. Kipimo hiki ni cha uso bapa. Kwenye tone, uso umepinda, kwa hiyo molekuli ya juu ina majirani wachache wa kuishikilia na huchomoka kwa urahisi zaidi. Ili tone lisipungue, hewa inayolizunguka lazima iwe na mvuke mwingi kuliko p₀.

Kiasi cha ziada hupatikana kwa mlinganyo wa Kelvin, wa mwaka 1871. Kwa maji safi ya nyuzi 25 za Selsiasi, nusu kipenyo r ikiwa katika nanomita:

p/p₀ = e^(1.05/r)

Tone la nanomita 1000 linahitaji ziada ya 0.1% tu. La nanomita 10 linahitaji takriban 11%, na la nanomita 1, lenye molekuli kama 140, linahitaji karibu mara tatu ya p₀.

Sasa chukua hewa yenye unyevu wa 101%. Hesabu inasema tone linalolingana nayo lina nusu kipenyo cha nanomita 105 hivi. Lililo dogo kuliko hapo hupoteza maji, na kadiri linavyopungua ndivyo linavyozidi kukauka, hadi linatoweka. Lililo kubwa zaidi hukua. Kwa hiyo ili tone safi lianze lenyewe katika hewa hiyo, molekuli zaidi ya milioni 150 zingepaswa kukutana kwa bahati. Haitokei. Ndiyo maana mvuke unaweza kuzidi kiwango cha kukifu na hewa isionyeshe hata ukungu.

Hata hivyo mawinguni ziada hiyo kwa kawaida haifiki hata 1%. Kinachookoa ni chembe: vumbi, moshi, chumvi ya bahari. Maji yakitandaa juu ya chembe, tone linaanza likiwa tayari na ukubwa. Chumvi ina faida ya pili: ikiyeyuka, hupunguza molekuli za maji zinazotoka usoni, hivyo inapingana na athari ya mpindo. Punje kavu ya chumvi yenye kipenyo cha nanomita 100 hutosheka na ziada ya takriban 0.1%.

Unaweza kuliona jambo hili kwa chupa ya plastiki. Tia maji kidogo ya uvuguvugu, funga, ibane kwa nguvu, kisha uiachie ghafla: hewa inapoa, lakini ukungu ni hafifu mno. Ingiza moshi wa kiberiti kilichozimwa, urudie. Safari hii chupa inajaa ukungu mweupe, na ukiibana tena unatoweka, kwa sababu hewa iliyobanwa hupata joto. Ukikosa kuona kitu, mara nyingi kifuniko kinavuja.