Kesi ya maji ya Dar es Salaam: kosa lipo, fidia haipo

Je, inawezekanaje serikali ikutwe na kosa la kumnyang'anya mwekezaji mali yake, halafu isimlipe fidia hata senti?

Ilitokea Tanzania. Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani, ilianza kusambaza maji Dar es Salaam na kukusanya bili kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo. Mambo yakaenda mrama mapema. Hesabu za zabuni yao zilikuwa mbovu na makusanyo yakawa madogo kuliko walivyotarajia, hata wakaomba masharti yajadiliwe upya.

Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni serikali ikachukua ofisi na shughuli za kampuni, na viongozi wake wa kigeni wakaondolewa nchini.

Hapo ndipo mkataba mwingine unapoingia, ule wa mwaka 1994 kati ya Uingereza na Tanzania wa kulinda uwekezaji. Unamruhusu mwekezaji kuishtaki serikali moja kwa moja mbele ya wasuluhishi wa ICSID, kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia, bila kupitia mahakama zetu. Wasuluhishi walikuwa watatu, na uamuzi wao ulitoka Julai 2008.

Walitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. DAWASA kuvunja mkataba na kampuni iliyoshindwa kazi ni jambo la kibiashara, ambalo mteja yeyote angeweza kulifanya kwa kufuata notisi na siku zilizowekwa. Lakini mteja wa kawaida hawezi kuivamia ofisi wala kumfukuza mtu nchini. Hiyo ni nguvu ya dola. Serikali iliitumia kabla taratibu za mkataba hazijafika mwisho, na kwa hilo ikakutwa na kosa, ikiwemo la kutwaa mali bila fidia.

Likabaki swali la hasara. Wasuluhishi walijiuliza: siku ile ya 1 Juni, mnunuzi mwenye akili timamu angeinunua City Water kwa shilingi ngapi? Jibu likawa sifuri. Kampuni ilikuwa inapoteza fedha, na mkataba wake ungevunjwa kihalali wiki chache baadaye hata kama waziri angenyamaza. Kwa hiyo hasara ilisababishwa na biashara yenyewe kuanguka, haikutokana na kosa la serikali.

Nionavyo mimi, hesabu hiyo ni ya haki, ingawa inatisha: kampuni ingekuwa na faida, vitendo vilevile vingeigharimu nchi mamilioni ya dola. Wala ushindi haukuwa wa bure. Kila upande ulibeba gharama za mawakili wake, na ada za wasuluhishi wakagawana nusu kwa nusu.