Kwa nini mtangazaji hukwama kwenye sentensi isiyo na kosa lolote?

Je, muswada wa habari ambao hauna kosa hata moja kwenye karatasi unamkwamishaje mtangazaji hewani, na unasahihishwaje?

Jicho huruka, ulimi hauruki. Ndiyo maana muswada wa redio husahihishwa kwa sauti kamili, kalamu ikiwa mkononi. Ukijikwaa mara moja, endelea. Ukijikwaa mara mbili mahali palepale, usijilaumu, badilisha neno.

Chukua sentensi hii: “Wawakilishi waliowawezesha wawekezaji hao wamepongezwa.” Sarufi yake ni safi, lakini midomo inafinywa kwenye “w” tena na tena bila kupumzika. Iandike hivi: “Pongezi zimetolewa kwa viongozi waliosaidia kampuni hizo.” Ikiwa wawakilishi hao ni viongozi na wawekezaji hao ni kampuni, maana imebaki, ulimi umepata nafasi. Hatari nyingine ni maneno yenye tahajia moja na mikazo miwili. “Barabara” ya magari hukazwa kwenye silabi ya tatu, ilhali “barabara” yenye maana ya sawasawa hukazwa kwenye ya pili. Kama muktadha unakuja baada ya neno lenyewe, mtangazaji atakuwa ameshalitamka kabla hajajua ni lipi. Andika “sawasawa” na tatizo limekwisha.

Mtego mkubwa kwa Kiswahili, hata hivyo, ni tarakimu, kwa sababu zinaficha upatanisho wa ngeli. Anayesoma “23” lazima aamue papo hapo: nyumba ishirini na tatu, watu ishirini na watatu, au vijiji ishirini na vitatu? Katika “watoto 8” na “magari 2” atatakiwa kusema wanane na mawili, na hapo ndipo utamsikia akisema “watoto nane” kisha akijirudi. Basi andika namba kwa maneno. Saa nayo: “14:30” iwe “saa nane na nusu mchana”, asiachiwe mtu kuhesabu huku kipaza sauti kiko wazi.

Alama za uakifishaji kwenye redio ni pumzi. Mkato ni kituo kifupi, nukta ni kituo kirefu, na wengi huongeza mstari mmoja wa mshazari kwa kalamu pale pa kupumua na miwili pale pa kusimama. Tazama hii: “Polisi wamesema vijana hao hawakukamatwa kwa sababu ya maandamano.” Je, wako huru, au walikamatwa kwa kosa jingine? Mkato baada ya “hawakukamatwa” unaelekea maana ya kwanza, lakini mkato ni kitu chepesi mno kubebeshwa mzigo huo, kwa kuwa msomaji mwenye haraka ataumeza. Afadhali uandike: “Vijana hao walikamatwa, lakini si kwa sababu ya maandamano,” kama ndivyo ilivyokuwa. Alama za kunukuu hazisikiki kabisa, kwa hiyo weka “kile alichokiita” au taja msemaji kabla ya maneno yake. Na sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa. Pumzi itakatika wakati karatasi inageuzwa.

Muda nao hupimwa kwa mdomo wa msomaji mwenyewe. Mpe muswada asome dakika moja, kisha hesabu maneno. Tuseme amefikisha 120, yaani maneno mawili kwa sekunde. Taarifa ya dakika 5 ni sekunde 300. Ondoa 20 za muziki wa kufungua na kufunga, ondoa 60 za sauti mbili zilizorekodiwa, ondoa 10 za vituo kati ya habari na habari. Zinabaki 210, yaani maneno 420. Angalizo: kompyuta huhesabu “1,250,000” kama neno moja, kumbe mdomoni ni “milioni moja laki mbili na elfu hamsini”, maneno saba. “Milioni moja na robo” ni manne, na msikilizaji anaielewa haraka zaidi. Habari ya mwisho iwe fupi, inayoweza kuachwa bila kuharibu kitu, na pembeni yake iandikwe muda inapotakiwa kuanza.

Kwa fundi mitambo, kila sauti iliyorekodiwa iwe na urefu wake, maneno ya kwanza na maneno ya mwisho:

SAUTI: sekunde 25. INAANZA: “Mvua ilianza usiku…” INAISHA: “…tunaomba msaada.”

Isikilize sauti hiyo hadi mwisho kabla ya kupitisha muswada. Ikiwa mzungumzaji anasema “tunaomba msaada” pia katikati, sekunde ya 11, fundi atafungua kipaza sauti mapema na watu wawili watasikika wakizungumza pamoja. Andika basi: INAISHA, MARA YA PILI: “…tunaomba msaada.”