Je, wajua? Namna mahakama za kimataifa zinavyomfunga mtu na kosa alilolitenda mwingine

Inakuwaje mtu ambaye hakufyatua risasi hata moja, pengine hata kijijini hakuwepo, anatiwa hatiani kwa mauaji ya huko? Na mbona wengine wenye vyeo vikubwa zaidi huachiwa huru?

Jibu limo katika kiungo ambacho mwendesha mashtaka amechagua kukithibitisha. Kwamba watu waliuawa mara nyingi si jambo la kubishaniwa. Linalobishaniwa ni mshtakiwa anaunganishwaje na aliyeua: je, alikuwa mshirika katika mpango mmoja naye, alishika hatamu za kosa lenyewe, alilichangia tu, au alikuwa kamanda aliyenyamaza? Kila kiungo kina masharti yake. Ushahidi uleule unaweza kutosha kwa kimoja na kupwaya kwa kingine.

Tuanze na kiungo chenye utata kuliko vyote, ubia wa uhalifu, kwa sababu chanzo chake ni kisa kidogo sana. Tarehe 14 Juni 1992 Waserbia wenye silaha waliingia kijiji cha Jaskići, wilaya ya Prijedor huko Bosnia. Waliwatoa wanaume majumbani mwao, wakawapiga na kuwachukua. Duško Tadić alikuwa mmoja wa kundi hilo. Lilipoondoka, wanaume watano walikutwa wameuawa, na hakuna shahidi aliyeona nani aliwaua. Mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Yugoslavia ya zamani ilimtia Tadić hatiani kwa makosa mengine, lakini kwa vifo hivi vitano ilimwondolea hatia: pengine waliua watu wa kundi jingine, na hata kama ni kundi lake, hakuna aliyemwona yeye akiua.

Tarehe 15 Julai 1999 majaji wa rufaa waligeuza uamuzi huo. Kwanza walisema ushahidi unaruhusu hitimisho moja tu la busara, kwamba walioua ni kundi la Tadić. Kisha wakatoa hoja iliyobadili kesi zote zilizofuata. Sheria ya mahakama hiyo inamwajibisha mtu "aliyetenda" kosa, nao wakasema neno hilo linambeba pia aliyeshiriki mpango wa pamoja ambao ndani yake kosa lilitendwa. Maneno "ubia wa uhalifu" hayamo popote katika sheria hiyo. Majaji waliuchota msingi wake katika hukumu za baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Masharti yake ni matatu: wawe watu zaidi ya mmoja, wawe na lengo la pamoja ambalo ni kosa au linatimizwa kwa kutenda kosa, na mshtakiwa awe amechangia lengo hilo. Si lazima lengo liwe limeandikwa au watu wawe wamekaa kikao. Linaweza kuonekana katika jinsi watu wanavyotenda kwa pamoja. Na mchango si lazima uwe kosa kwa wenyewe: kuendesha gari, kutafuta mafuta, kuandika orodha ya majina, vyote vinaweza kuhesabiwa. Baadaye, katika rufaa ya Brđanin ya mwaka 2007, majaji walisema mchango huo lazima uwe wa uzito unaoonekana, hata kama si wa lazima.

Ugumu uko kwenye nia, na hapo ubia unagawanyika. Katika umbo la kawaida, wote wanataka kosa lilelile. Katika umbo la pili, mtu anafanya kazi ndani ya mfumo wa mateso, kama kambi ya wafungwa, akijua unavyoendeshwa na akikusudia uendelee. Umbo la tatu, lile lililotumika Jaskići, ndilo pana zaidi: mwenzako anatenda kosa ambalo halikuwa katika mpango, lakini lilitabirika kwamba lingeweza kutokea, wewe ulilijua hilo na bado ukaendelea. Kundi la Tadić lilikuwa na lengo la kuwaondoa wasio Waserbia katika eneo la Prijedor. Kuua huenda hakukuwa lengo lake, lakini katika zoezi kama lile kifo kilitabirika.

Mwanasheria wa Tanzania au Kenya atasikia kitu anachokifahamu hapa. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 21 cha Kenya, vinasema watu wakiwa na nia ya pamoja ya kutimiza jambo haramu, na likatokea kosa ambalo ni tokeo linalotarajiwa la jambo hilo, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Tofauti ipo. Vifungu hivi huangalia kama tokeo lilikuwa la kutarajiwa. Ubia wa umbo la tatu unadai zaidi ya hapo, yaani mshtakiwa mwenyewe awe aliiona hatari na akaikubali.

Umbo hilo lilitumika Arusha pia. Édouard Karemera na Matthieu Ngirumpatse walikuwa viongozi wa juu wa chama tawala cha MRND nchini Rwanda mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwakuta na hatia ya ubia wenye lengo la kuwaangamiza Watutsi. Hawakushtakiwa kwamba wao wenyewe walibaka. Hata hivyo majaji walisema ubakaji wa wanawake wa Kitutsi ulikuwa tokeo linalotabirika la ubia ule, nao walilijua hilo na wakaendelea. Walihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2014 rufaa ikakithibitisha. Lishike jambo hili la ubakaji, maana tutalirudia.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, haikuupokea ubia wa uhalifu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 umeorodhesha wenyewe njia za kushiriki kosa katika kifungu cha 25, na tangu kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri huko Kongo, majaji waliamua kwamba mtendaji mkuu ni yule mwenye udhibiti wa kosa. Kwa maneno mepesi, mchango wake uwe wa lazima kiasi kwamba angejitoa, kosa lingekwama. Au awe anatumia taasisi ambayo walio chini yake wanatii kama mashine, akimtoa mmoja mwingine anashika nafasi yake bila swali. Hiki ni kipimo kigumu kuliko kile cha ubia, na ugumu wake ulionekana wazi katika kesi ya Bogoro.

Bogoro ni kijiji kilicho kwenye barabara kati ya Bunia na Ziwa Albert, mashariki mwa Kongo. Kilikuwa na wakazi wengi wa kabila la Wahema na kambi ya UPC, kundi la wapiganaji la Lubanga. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji wa Kingiti na Kilendu walikishambulia, wakaua raia, wakachoma nyumba na kupora. Germain Katanga, kiongozi wa wapiganaji wa Kingiti aliyekaa kijiji cha Aveba, alishtakiwa kama mtendaji mkuu kupitia taasisi: kwamba alikuwa na jeshi linalomtii, na Bogoro ikafutwa kwa amri yake. Ushahidi haukufika hapo. Majaji waliona wapiganaji wa Kingiti wana makamanda wao katika kambi mbalimbali, na haikuthibitika kwamba Katanga angeweza kuwaamuru wote na kuwaadhibu wasiotii. Kiungo cha udhibiti kikakatika.

Hata hivyo hakuachiwa. Kifungu cha 25(3)(d) kinamwajibisha pia anayechangia kosa la kundi lenye lengo la pamoja. Mchango uwe wa makusudi, na inatosha awe anajua kundi linakusudia nini, hata kama yeye hakitaki kile linachokitaka. Hapo ushahidi ulikuwa na mashiko. Silaha na risasi zilikuja kwa ndege kutoka Beni hadi Aveba, na Katanga ndiye aliyezipokea, akazihifadhi na kuhakikisha zinawafikia makamanda. Bila yeye kundi lisingepigana kwa ubora ule. Tarehe 7 Machi 2014 alitiwa hatiani kama msaidizi wa kosa, si mtendaji mkuu, kwa mauaji, kushambulia raia, kuharibu mali na kupora. Adhabu ilikuwa miaka 12.

Sasa turudi kwenye ubakaji. Majaji walikubali kwamba wanawake wa Bogoro walibakwa na kufanywa watumwa wa ngono. Lakini chini ya 25(3)(d) kosa lazima liwe ndani ya lengo la kundi lenyewe, na kutabirika peke yake hakutoshi. Lengo lililothibitika lilikuwa kuifuta Bogoro na wakazi wake Wahema. Majaji waliona kubaka hakukuwa lazima kwa lengo hilo, na kwamba wanawake hao waliponea kifo hasa kwa kudai kuwa si Wahema. Katanga akaondolewa hatia kwa makosa hayo. Wanawake wa Rwanda walipata hukumu Arusha kwa sababu kulikuwa na kiungo cha kutabirika. Wa Bogoro hawakuipata Hague kwa sababu kiungo hicho hakimo katika Mkataba wa Roma. Hilo linaniuma, ingawa naelewa hoja ya upande wa pili: kumwita mtu mbakaji kwa kuwa tu angeweza kutabiri ni kumvika jina lisilolingana na nia yake. Kwa sababu nyingine, mwaka 2010 majaji wa kesi za utawala wa Khmer Rouge nchini Kambodia walikataa umbo la tatu, wakisema halikuwa na mizizi imara katika sheria ya kimataifa ya miaka ya 1975 hadi 1979.

Kuna dosari nyingine katika kesi ya Katanga. Kiungo kilibadilishwa kesi ikiwa imekwisha kusikilizwa. Hoja za mwisho zilitolewa Mei 2012. Tarehe 21 Novemba 2012 majaji wawili kati ya watatu wakatangaza kwamba huenda wangetumia 25(3)(d). Katanga alikuwa ameshatoa ushahidi mwenyewe mwaka 2011 na kueleza habari za silaha, akijitetea dhidi ya shtaka la kuwa mkuu wa jeshi. Jaji wa tatu, Christine Van den Wyngaert, aliandika kwamba hiyo haikuwa haki kwa mshtakiwa. Kwa hiyo ukisoma hukumu yoyote ya namna hii, linganisha kifungu kilicho kwenye hati ya mashtaka na kile kilichotumika mwishoni.

Kinabaki kiungo cha kamanda, kifungu cha 28, ambacho hakihitaji mpango wala mchango. Kinahitaji kamanda awe na udhibiti halisi wa askari, ajue au awe alipaswa kujua kwamba wanatenda makosa, na ashindwe kuchukua hatua zote za lazima na za busara alizoziweza. Kwa kiungo hiki Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa kundi la MLC la Kongo, alitiwa hatiani Machi 2016 kwa mauaji, ubakaji na uporaji uliofanywa na wapiganaji wake wa MLC katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, ingawa hukumu haikusema kwamba aliwatuma kubaka. Kiungo hicho nacho kilikatikia kwenye sharti la tatu. Bemba alikuwa ameunda tume ya uchunguzi na kuandika barua kwa Umoja wa Mataifa. Hukumu ya kwanza ilisema hizo zilikuwa hatua za kujionyesha tu. Tarehe 8 Juni 2018 majaji watatu kati ya watano wa rufaa walisema wenzao hawakupima vya kutosha mipaka ya kamanda aliye mbali, ambaye askari wake wako nchi ya kigeni. Bemba aliachiwa baada ya miaka kumi mahabusu, na kwa ubakaji uliothibitishwa mahakamani hakuna mwingine aliyekuwa amesimamishwa kizimbani katika kesi ile.