Je, wajua? Bibi asiyejua mwaka anaweza kukupa mwaka

"Nataka kuandika habari za familia yetu kwa nafsi ya kwanza, kuanzia bibi alipotoka Kigoma na babu kwenda mashamba ya mkonge Korogwe, hadi baba alipozaliwa. Babu ameshafariki. Bibi nikimuuliza ilikuwa mwaka gani, ananijibu 'zamani hizo, mjukuu wangu'. Nitamhojije ili mapengo yazibike?"

Acha kumuuliza mwaka. Muuliza mwaka humfanya bibi ajione yuko mbele ya karani, na mtu aliye mbele ya karani hujibu kwa mkato au hubuni namba ili aachwe. Miaka kwake haikuwekwa kwa namba. Imewekwa kwa mvua, kwa mfungo, kwa nani alikuwa mgongoni na nani alikuwa tumboni. Ukimuuliza hivyo atakupa mengi, na kazi ya kutafuta namba utaifanya mwenyewe baadaye ukiwa na kalenda mezani.

Ila kabla hujamwendea, keti uandike hadithi kama unavyoijua sasa, kwa nafsi hiyohiyo ya kwanza, bila kusubiri habari kamili. Utaandika "Tulishuka kwenye treni Korogwe" halafu utakwama: mlishuka saa ngapi, mlibeba nini, nani aliwapokea? Kila ulipokwama weka alama. Alama hizo ndizo maswali yako, na ni bora kuliko orodha yoyote ya maswali ya kuazima, kwa sababu zimetoka kwenye hadithi yako na si ya mtu mwingine.

Sentensi hiyo ya treni, kwa mfano, ina kasoro ambayo bibi ataifichua bila kujua. Reli ya kati inayotoka Kigoma na reli ya Tanga inayopita Korogwe hazikuwa zimeunganishwa zamani. Kipande cha kuziunganisha, kati ya Ruvu na Mnyusi, kilikamilika mwaka 1963. Kabla ya hapo mtu wa Kigoma alilazimika kuiacha reli ya kati njiani na kumalizia safari kwa barabara. Kwa hiyo usimuulize "mlikuja lini?" Muulize "mlifikaje?" Akisema "treni ilitushusha, tukapakiwa kwenye lori kama mizigo", umeshapata jambo kubwa: yaelekea walifika kabla ya 1963. Na sentensi yako ya kwanza uifute.

Sasa kuzaliwa kwa baba. Tuseme bibi anakwambia alimzaa ndani ya mfungo wa Ramadhani, na mvua ilikuwa kubwa. Wengi wangeandika hilo kama pambo la hadithi na kupita. Kumbe ni tarehe. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na huzunguka misimu yote kwa muda wa takriban miaka 33. Korogwe masika ni Machi hadi Mei. Katika ujana wa bibi, Ramadhani iliangukia masika kuanzia takriban 1954, ilipoanza mapema Mei, hadi 1960, ilipoanza mwishoni mwa Februari. Mzunguko uliotangulia ni wa miaka ya 1920, na uliofuata ni wa karibu na 1990. Baba yako hawezi kuwa wa huko wala huku.

Angalia tu kwamba "mvua" inaweza kuwa vuli. Usimwambie "ilikuwa masika, sivyo?" kwa maana atakubali ili kukuridhisha. Muulize shambani kulikuwa na nini. Akisema mahindi yalikuwa yamefika magotini na kupalilia ndiko kulikomchosha mimba ikiwa kubwa, basi yalipandwa mvua zilipoanza Machi, na sasa ni Aprili. Mwaka 1960 unatoka, kwa kuwa Ramadhani yake iliisha mwishoni mwa Machi, mahindi yakiwa bado machanga.

Baki na swali moja la kubana: Siku ya Uhuru ulikuwa wapi, na mtoto alikuwa na nani? Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na wazee wengi wa umri wa bibi wanaikumbuka siku ile kwa mahali waliposimama. Akijibu "alitembea mwenyewe kwenda uwanjani, kurudi akachoka nikambeba", ni mtoto wa miaka mitatu hivi. Angekuwa wa 1957 au wa kabla ya hapo, angekuwa amekaribia miaka mitano au kuipita, anakimbia na wenzake. Umebaki na masika ya 1958, Ramadhani ilipoisha karibu na tarehe 19 Aprili, au ya 1959, ilipoisha karibu na tarehe 9 Aprili. Umefika hapo kwa maswali matatu, na hakuna hata moja lililotaja mwaka.

Kisha utafungua kitambulisho cha baba na kukuta kimeandikwa 1956. Usitaharuki, wala usimkimbilie bibi kumsuta. Tarehe nyingi za kizazi kile zilikadiriwa na mtu aliyekuwa na kalamu. Hata kuanza shule hakuthibitishi kitu: mtoto alipitishwa mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili akaandikishwa, usipogusa akarudishwa nyumbani. Kipimo hicho kilipima urefu wa mkono. Mimi kati ya karatasi iliyojazwa miaka mingi baadaye na mama anayekumbuka urefu wa mahindi, namwamini mama, lakini naitaja na karatasi.

Jina la mtu nalo lisikupite. Akina Juma, Hamisi, Rajabu, Shaabani na Ramadhani mara nyingi walipewa jina la siku au mwezi waliozaliwa, na wapo akina Masika, Shida, Mashaka na Uhuru. Lakini uliza, usikisie. Ramadhani anaweza kuwa amerithi jina la babu yake aliyezaliwa ndani ya mfungo mwingine kabisa.

Hayo ni ya tarehe. Nafsi ya kwanza ina deni lake jingine, nalo ni mwili. Anayesema "mimi" lazima awe amesimama mahali, akiona, akinusa, akishikwa na njaa. Ukimuuliza bibi "maisha ya kambini yalikuwaje?" atakwambia "yalikuwa magumu", na hapo huna hata sentensi moja ya kuandika. Shuka hadi kwenye kitu kimoja:

"Bibi, lori lilipowashusha kulikuwa mchana au usiku?"

"Usiku. Na mvua."

"Mkono wako ulikuwa umeshika nini?"

"Sufuria. Babu yako alisema niiache, nikakataa."

"Wa kwanza kuzungumza nawe alikuwa nani?"

"Mama mmoja, Mnyamwezi. Alinipa uji wa mtama. Sikujua lugha yake vizuri, nikanywa tu."

Sufuria ile inatosha kufungua sura nzima: "Lori lilitushusha usiku, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeikumbatia sufuria ambayo mume wangu alinikataza kuibeba, na ndani yake ndimo nilimopokelea uji wa mwanamke nisiyemjua." Sasa simama hapohapo. Uji kutiwa ndani ya sufuria hakuusema bibi, umeunogesha wewe. Rudi umuulize. Akisema alipewa kwenye kibuyu, andika kibuyu.

Maswali mengine ya aina hiyo ni taa waliyowasha, posho iliyogawiwa na siku ya kugawiwa, mlio wa kuamshia watu kazini, na ngozi ya babu aliporudi, maana utomvu wa mkonge huwasha na mke ndiye aliyejua alikuwa akipaka nini. Uliza pia juu ya kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi kabla ya mshahara. Bibi hakukata mkonge, lakini pengine alijua kadi iliwekwa wapi ndani ya nyumba na nini kilitokea ikichelewa kujaa. Wakati mwingine bado imo sandukuni, chini ya khanga.

Hapo ndipo lazima uamue "mimi" ni nani. Ukiwa wewe mjukuu, una ruhusa ya kusema "bibi anasimulia", kuweka habari za reli na kalenda, hata kubishana naye. "Mimi" akiwa bibi, hawezi kujua reli iliunganishwa lini wala babu alizungumza nini na mnyapara. Ndiyo maana katika daftari lako kila habari iwe na alama: aliona, aliambiwa, au anadhani. Swali lake ni jepesi: "Ulikuwepo, au ulisimuliwa?" Bila alama hizo, miezi miwili baadaye utaandika "nilimwona mnyapara akimpiga" kumbe bibi alisikia habari hiyo kisimani.

Kuhusu namna ya kukaa naye: mfuate anapochambua mchele au kumenya muhogo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo huwa mwepesi. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu juu ya kitambaa, mbali na redio, na ujaribu dakika moja kwanza uisikilize. Chagua saa ambayo wajomba hawapo. Mzee wa kiume akiketi, aghalabu hujibu yeye, na bibi huitikia "ndiyo hivyo". Mjukuu una silaha ambayo baba yako hana, yaani utani. Unaweza kumwambia "lakini bibi, ulimpendea nini mzee yule mwenye miguu ya tege?" na ukapata jibu ambalo mwanawe hathubutu kulitafuta. Akinyamaza, nyamaza nawe. Usiharakishe swali jingine.

Mtafute na shahidi wa pili, mdogo wake bibi aliyebaki Kigoma au jirani wa kambi ileile, na umhoji peke yake. Mmoja akisema babu aliandikishwa na wakala wa wafanyakazi, na mwingine akisema alitoroka deni, usichague kwa kupiga kura. Mpelekee bibi habari ya pili bila kumtaja msemaji, uone anavyoipokea.

Na likitokea jambo ambalo sauti yake inabadilika, labda mtoto aliyezikwa kambini, zima simu kwanza. Muulize kama liingie kwenye maandishi au libaki kwenu wawili. Akikataa, kwa nafsi ya kwanza bado una njia: "Kuna habari ya mwaka ule ambayo siisemi." Sentensi hiyo ni ya kweli, na ni yake.

Rasimu ikiwa tayari msomee kwa sauti, polepole, aya kwa aya, simu ikirekodi tena. Hapa ndipo mapengo ya mwisho huzibika, kwa sababu mzee anayesema "sikumbuki" akiulizwa, husema "siyo hivyo!" akisikia kosa. Ukifika kwenye kuzaliwa kwa baba, soma "ilikuwa masika ya 1958 au ya 1959, ndani ya mfungo". Asipokuwa na la kuongeza, iache hivyo na hiyo "au" yake.