Makato ya Kila Mwezi: Si Tozo, Wala Si Wakala

Kijana mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, Mwanza, alishahama mawakala wawili. Kila mwezi, akiweka tu hela ya mauzo kwenye simu, elfu kumi na tatu hivi inayeyuka. Wenzake sokoni walikuwa na majibu tayari.

"Hiyo ni tozo ya serikali." Hapana. Tozo na ada hufuata muamala. Hela iliyotulia kwenye salio haikatwi tozo.

"Wakala kaijua namba yako ya siri." Hili ndilo lililomwingia akilini, na si ajabu, maana hela ilikatwa siku ileile aliyoiweka. Lakini mwizi mwenye namba yako ya siri hachukui elfu kumi na tatu akakuachia zilizobaki! Kijana akaomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Makato yalisomeka 13,174, kisha 13,224, kisha 12,974, yote yakiwa malipo ya kadi kwa kampuni ya nje asiyoijua. Kiasi kinachopanda na kushuka kidogo namna hiyo kinaashiria bei iliyopangwa kwa dola: dola 4.99 hazibadiliki, kinachobadilika ni kiwango cha kubadilishia fedha. Na ile siku ya kuweka hela? Kampuni ilikuwa inajaribu kukata, inakuta salio halitoshi, inarudia siku nyingine hadi siku inayokuta hela.

Hapo akakumbuka kwamba aliwahi kufungua kadi ya mtandaoni ndani ya akaunti yake ya simu. Akatafuta neno `trial` kwenye baruapepe, na jibu likatokea: programu ya kuhariri video, siku 7 za bure kisha malipo ya kila mwezi, aliyoichukua ili kuondoa nembo pembeni mwa video ya sendofu ya dada yake. Jina la programu lilikuwa tofauti kabisa na jina la kampuni lililoandikwa kwenye taarifa, jambo la kawaida sana.

"Lakini mbona niliifuta zamani!" Aliifuta kwenye simu. Usajili wenyewe uko kwa kampuni, umeunganishwa na baruapepe na kadi. Hata kubadili namba ya siri kusingesaidia, kwa kuwa ukishaidhinisha kadi mara ya kwanza, makato yanayofuata hayaombi namba hiyo. Kufunga kadi kungezuia hela kutoka, ila usajili ungebaki wazi.

Kwa hiyo alianza na tovuti ya programu. Akaingia kwa baruapepe ileile, akabonyeza `Cancel subscription`, akasubiri ujumbe wa uthibitisho, ndipo akaifuta kadi. Aliomba kurudishiwa hela, hakupewa.

Kesho yake programu bado ilikuwa inafungua kila kitu, akahofu kwamba usajili haujafutika. Ulishafutika. Alikuwa anamalizia siku za mwezi aliokwisha kuulipia, na tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwenye ule ujumbe wa uthibitisho.